Orodha ya wateja watarajiwa kutoka saraka za umma: vituo binafsi vya afya Kisumu, kuanzia sajili hadi namba iliyothibitishwa

Mfano tutakaoufuata ni wa duka dogo la mjini Kisumu linalokarabati majokofu ya dawa na mashine za kutakasia vifaa kwa mvuke, zile ambazo wauguzi na mafundi huziita otoklevu. Mwenye duka anataka kuwafikia wenye vituo binafsi vya afya na kuwapa mkataba wa kukagua mashine zao mara mbili kwa mwaka. Fundi wake ni mmoja na pikipiki ni moja, kwa hiyo namba elfu moja hazimfai kitu. Anachohitaji ni vituo hamsini au sitini ambavyo kweli vipo, kweli vina mashine hizo, na ambavyo simu ikipigwa itapokelewa na mtu wa kituo chenyewe.

Nimechagua sekta ya afya kwa sababu saraka zake za umma ni nzuri kuliko za biashara nyingine nyingi za magharibi mwa Kenya. Hata hivyo, uzuri wake una mpaka: ni nzuri kukuambia kituo kipo, na ni dhaifu kukuambia utakipata kwa namba gani. Kazi karibu yote iliyo hapa chini inatokana na pengo hilo.

Kwanza, amua nani haingii

Kabla ya kufungua saraka yoyote, andika sentensi moja inayosema ni kituo cha aina gani kinaingia kwenye orodha. Kwa duka letu sentensi ni hii: kituo binafsi au cha kanisa, kilicho ndani ya maeneo bunge ya Kisumu Central na Kisumu East, cha Ngazi ya 3 au 4, au cha Ngazi ya 2 kama kinazalisha, kinachanja au kinatibu meno.

Kila kipande cha sentensi hiyo kina sababu. Vituo vya serikali vimeachwa kwa kuwa ununuzi wao hupitia kaunti na zabuni, na msimamizi wa zahanati ya umma hana mamlaka ya kutia saini mkataba wako hata akikupenda. Ngazi ya 3 na 4 huwa na chumba cha kujifungulia au cha upasuaji, kwa hiyo otoklevu ipo. Ngazi ya 2 ni kundi kubwa mno, na ndani yake mna kliniki za chumba kimoja zenye meza, mizani na kabati la dawa. Ukiziingiza zote utapata orodha ndefu ambayo nusu yake haina mashine ya kukagua. Kliniki ya meno ni ubaguzi mzuri: hata ikiwa ndogo, lazima itakase vifaa kila siku.

Mpaka wa eneo nao una mtego. Ukichuja kwa Kisumu Central peke yake utapata wadi za Railways, Migosi, Shaurimoyo Kaloleni, Market Milimani, Kondele na Nyalenda B. Manyatta B na Nyalenda A ziko Kisumu East, pamoja na Kajulu, Kolwa Central na Kolwa East. Mtu anayetembea kutoka Kondele kuingia Manyatta haoni mpaka wowote, lakini sajili inauona. Ndiyo maana tunachuja maeneo bunge mawili kwa pamoja, kisha tunapunguza kwa wadi.

Saraka zipi, na kila moja inajua nini

Anza na sajili ya Wizara ya Afya, inayojulikana kwa kifupi KMHFR. Kila kituo humo kina msimbo wake, na kimeandikwa kaunti, eneo bunge, wadi, ngazi, mmiliki na hali ya kufanya kazi. Chuja kwa kaunti ya Kisumu, kisha eneo bunge, kisha aina ya mmiliki, na uhamishe matokeo kwenye jedwali lako. Msimbo wa kituo ndio uti wa orodha yote. Jina linaweza kuandikwa kwa njia nne tofauti na bado likawa la kituo kilekile, msimbo haubadiliki.

Usidharau jambo hilo la majina. Huku kwetu vituo vyenye jina la mtakatifu yuleyule ni vingi, na kituo kinapopanda ngazi hubadilisha mkia wa jina: kilichokuwa “Medical Clinic” kinakuwa “Medical Centre”, halafu “Hospital”. Ukiunganisha saraka mbili kwa kutegemea jina tu, utaunganisha vituo viwili vya wadi tofauti na kuvifanya kimoja, au utahesabu kituo kimoja mara tatu. Linganisha msimbo kwanza. Pale ambapo saraka ya pili haina msimbo, linganisha jina pamoja na wadi au mtaa, na ukibaki na shaka viache vikiwa safu mbili.

Saraka ya pili ni ya leseni. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, huchapisha vituo vilivyo na leseni. Leseni ni ya mwaka, kwa hiyo jina lililo kwenye orodha ya mwaka huu ni dalili nzuri kwamba kuna mtu alilipia mlango huo ubaki wazi. Kituo kilichokuwa na leseni miaka miwili iliyopita na sasa hakionekani si lazima kimefungwa, lakini kisogeze chini kwenye foleni yako. Kumbuka pia kwamba kliniki zinazoendeshwa na maafisa wa kliniki ziko chini ya baraza lao wenyewe. Kutoonekana KMPDC si ushahidi dhidi yao.

Ya tatu ni orodha ya vituo vilivyo na mkataba na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Hapa kuwa macho na tarehe. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, lakini faili za PDF za vituo vya NHIF bado zinazunguka mtandaoni na hutokea juu kabisa unapotafuta. Faili ya namna hiyo inakuambia hali ilivyokuwa zamani, si zaidi. Ukiona herufi NHIF kwenye kichwa cha waraka, usichukue namba ya simu kutoka humo.

Mwisho ndipo zinakuja Google Maps na saraka za jumla za biashara, zile za kurasa za manjano na ndugu zake. Nimeziweka mwisho kwa makusudi. Watu wengi huanza nazo kwa sababu zina namba za simu, halafu hujikuta na jedwali lililojaa maduka ya dawa, maabara, na kliniki iliyohamia Ahero. Zitumie kujaza pengo la mawasiliano kwenye vituo ambavyo tayari umeviamua, si kuamua vituo. Tena masharti ya Google hayaruhusu kuzoa taarifa za ramani kwa wingi ili kujenga orodha ya biashara. Kwa vituo sitini huhitaji programu ya kuzoa hata hivyo. Utafungua kimoja kimoja, na utaona mambo ambayo programu isingeyaona.

Jedwali

Fungua Google Sheets na uweke safu wima hizi: msimbo, jina la sajili, jina la bango, wadi, ngazi, namba ghafi, tarakimu tupu, namba safi, chanzo cha kwanza, tarehe, chanzo cha pili, tarehe, barua pepe, hali, maelezo. Wengi huacha chanzo na tarehe kwa kuona ni kazi ya bure. Bila hizo, baada ya mwezi mmoja hutajua namba hii ilitoka kwenye bango lililopigwa picha juzi au kwenye saraka ya enzi za sanduku la posta.

Namba huja zimevaa nguo za kila aina: na nafasi, na vistari, na 254 mbele, bila sifuri, au mbili ndani ya chumba kimoja. Namba ghafi iache kama ilivyokuja, kwenye safu wima yake. Tuseme iko F. Kwenye G ondoa kila kisicho tarakimu:

```
=REGEXREPLACE(TO_TEXT(F2),"[^0-9]","")
```

Kisha kwenye H jenga umbo moja la kimataifa:

```
=IF(OR(LEN(G2)=9,LEN(G2)=10,LEN(G2)=12),"+254"&RIGHT(G2,9),"KAGUA")
```

Mantiki yake ni kwamba namba ya Kenya, ikiondolewa sifuri au 254, hubaki na tarakimu 9. Zikiwa 9 kamili, sifuri ilidondoka. 10, sifuri ipo. 12, imeandikwa na 254. Urefu mwingine wowote una kasoro, na neno KAGUA linakuambia uangalie kwa macho. Mara nyingi utakuta ni namba mbili zilizobanana, au mtu aliandika 254 halafu hakuondoa sifuri.

Namba nyingine zitakuwa simu za mezani, na hizi zina hadithi ya kusoma. Msimbo wa Kisumu ni 057, wa Nakuru 051, wa Kakamega 056, wa Bungoma 055. Ukikuta namba ya Kisumu inayoanza na 035, hiyo ni misimbo ya zamani, na ingizo lote, si namba peke yake, limenakiliwa kutoka mahali ambapo hapajaguswa kwa miaka mingi. Hata yenye 057 iliyo sahihi kwa umbo, usiipe uzito mkubwa. Vituo vingi viliacha simu za mezani zikafa bila kumwambia mtu.

Usijaribu kukisia mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Tangu 2011 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo mwanzo wa namba haukuhakikishii inahudumiwa na kampuni gani leo.

Sasa hesabu marudio:

```
=COUNTIF(H:H,H2)
```

Namba ikitokea kwenye kituo kimoja, sawa. Ikitokea kwenye vitatu au vinne, simama. Kuna maelezo mawili ya kawaida. Huenda ni vituo vya mmiliki mmoja, na hapo una mteja mmoja mwenye mashine nyingi, jambo zuri. Au ni namba ya mtu aliyewajazia makaratasi ya usajili: mhasibu, wakala wa leseni, au afisa aliyewahi kufanya kazi kwenye vituo hivyo vyote. Majina ya vituo yakifanana, elekea maelezo ya kwanza. Yakiwa hayana uhusiano wowote na wadi zimetawanyika, ni la pili, na namba hiyo haifai kupigiwa hata mara moja.

Vyanzo viwili vinavyofanana huenda ni kimoja

Kanuni tunayoitumia ni kwamba namba inapita ikiwa vyanzo viwili visivyotegemeana vinaitaja. Uzito uko kwenye “visivyotegemeana”. Saraka za jumla za biashara hunakiliana. Mmoja aliingiza taarifa zamani, wa pili akanakili, wa tatu akanunua kwa wa pili, na wewe leo unaona tovuti tatu zinazokubaliana na kudhani umepata mashahidi watatu. Umepata mmoja aliyezungumza mara tatu.

Unaweza kutambua nakala kwa makosa yake. Tovuti mbili zikikosea herufi ileile kwenye jina la mtaa, zikitaja sanduku la posta lilelile, zikiwa na sentensi ileile ya maelezo yenye nukta mbili mwishoni, hazikuandikwa na watu wawili. Tazama msimbo wa posta pia. Kisumu ni 40100, Nakuru 20100, Kakamega 50100, Busia 50400. Kituo kinachodaiwa kuwa Kisumu lakini anwani yake ina 00100 kimeandikiwa anwani ya makao makuu au ya mmiliki aliyeko Nairobi, na simu iliyo kando yake huenda ni ya hukohuko.

Chanzo kinachojitegemea ni kile ambacho kituo chenyewe kimekitoa, au ambacho mtu mwingine amekiona kwa macho. Kwa uzoefu wangu vyenye nguvu ni hivi: namba iliyochorwa kwenye bango la kituo, ukurasa wa Facebook wa kituo wenye chapisho la karibuni, tovuti ya kituo inayofanya kazi, na wasifu wa WhatsApp Business. Bango naliweka juu ya vyote, kwa sababu mtu alilipa fundi wa rangi kuliandika, na wagonjwa wanalisoma kila siku. Likiwa na kosa wangelalamika.

Bango huhitaji kwenda kuliona. Fungua kituo kwenye Google Maps, ingia kwenye picha zilizowekwa na wageni, na uvute karibu ile inayoonyesha mlango. Angalia tarehe ya picha. Angalia pia maoni ya karibuni kabisa: mgonjwa aliyelalamika mwezi uliopita kuhusu foleni amekufanyia kazi kubwa, amethibitisha kwamba kituo kiko wazi na kina wateja. Maoni yakikatika ghafla miaka mitatu iliyopita, hiyo nayo ni habari.

WhatsApp inakaguliwa bila kutuma neno lolote. Hifadhi namba kwenye simu, fungua wasifu, uone. Akaunti ya biashara itaonyesha jina la kituo, anwani, saa za kazi, pengine barua pepe. Ikitokea picha ya harusi na jina la mtu, umefika kwenye laini binafsi: futa namba kwenye simu, na kwenye hali andika YA SHAKA. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hukatwa na namba kupewa mtu mwingine, na huyo mtu hajawahi kusikia habari za kliniki yako.

Kuna wanaopenda kukagua kwa kuanza kutuma pesa kwa M-PESA ili jina litokee, kisha wanakatisha. Mimi siifanyi kwa orodha za biashara. Inakuletea jina la mtu binafsi ambaye hakukupa jina lake, na haikujibu swali lako, kwani laini ya mapokezi inaweza kusajiliwa kwa jina la mmiliki, la mkewe au la muuguzi wa kwanza kuajiriwa.

Kituo kimoja hatua kwa hatua

Tuchukue kituo ambacho nitakiita Kliniki ya Kona, jina la kubuni, kilichosajiliwa wadi ya Migosi. Sajili ya wizara inasema ni Ngazi ya 3, binafsi, kinafanya kazi. Orodha ya leseni ya mwaka huu inacho, ila hapo kinaitwa “Kona Maternity and Nursing Home”. Wadi ni ileile na hakuna Kona nyingine Kisumu, kwa hiyo tunaviunganisha na kuandika jina la pili kwenye maelezo.

Namba ya kwanza, tuiite namba A, inapatikana kwenye saraka mbili za biashara. Zote mbili zinaandika “Migosi Estste”. Kosa hilohilo la herufi linatosha. A ina chanzo kimoja, na hakijulikani umri wake. COUNTIF inaonyesha A iko pia kwenye maabara moja ya Kondele na duka la dawa la Mamboleo. Majina hayahusiani. A inaanza kunuka uwakala.

Kwenye Google Maps kuna namba B. Picha ya mgeni inaonyesha bango, na bangoni pameandikwa B na namba nyingine, C. Ukurasa wa Facebook, wenye tangazo la chanjo la majuma machache nyuma, unataja C pekee. Tukifungua wasifu wa WhatsApp wa C tunakuta jina la kituo na saa za kazi. Hitimisho: C inaingia kama namba kuu, ikiwa na bango na Facebook kama vyanzo. B inabaki ya akiba. A tunaiacha kwenye maelezo na neno “wakala?”, ili mtu mwingine asije akaigundua upya baada ya miezi mitatu akafikiri amepata hazina.

Facebook inatoa barua pepe ya kikoa cha kituo. Kabla ya kuiamini tunauliza, kwenye dirisha la amri la kompyuta, kama kikoa hicho kinapokea barua kabisa:

```
nslookup -type=mx mfano.co.ke
```

Jibu likiwa na mistari ya `mail exchanger`, kuna seva inayopokea. Likisema `NXDOMAIN`, au `Non-existent domain` kwenye Windows, kikoa hakipo. Mara nyingi hakikulipiwa upya. Tovuti ikifunguka lakini inaonyesha ukurasa wa kubashiri mechi, kikoa kilishachukuliwa na wengine, na barua utakayotuma itawafikia wao. Kumbuka mpaka wa ukaguzi huu: unathibitisha kikoa, si sanduku. Unajua barua za kikoa hicho zina pa kwenda, hujui kama kuna anayesoma anwani ya `info`. Zipo tovuti zinazodai kuthibitisha sanduku lenyewe, lakini seva nyingine hukubali kila jina ukilitaja, hata la uongo, kwa hiyo “sahihi” yao haina maana hapo. Vituo vingi vya ukubwa huu hutumia Gmail, na kwa Gmail jibu la `nslookup` halikuambii lolote kuhusu kituo. Njia ya uhakika ni kuuliza kwa mdomo.

Simu ya kuthibitisha

Hii ndiyo hatua ya mwisho, na inafanywa tu kwa namba ambazo kituo chenyewe kimezitangaza kwa umma. Zilizo YA SHAKA hazipigiwi.

Piga katikati ya asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumatatu, ambayo vituo hujaa. Usijifanye mgonjwa. Watu hufanya hivyo wakidhani ni ujanja, halafu juma linalofuata wanarudi na sauti ileile kuuza, na sista wa mapokezi anaitambua. Jitaje, uliza mambo matatu, shukuru, kata.

“Hallo, habari ya asubuhi. Hapo ni Kliniki ya Kona, Migosi?”

“Ndiyo. Tukusaidie?”

“Asante, sista. Mimi napiga kutoka duka la kukarabati vifaa vya hospitali hapa mjini. Leo siuzi kitu, ninahakikisha tu kwamba namba hii ni ya kituo. Mambo ya mashine na matengenezo huwa yanapelekwa kwa nani hapo, na angependa kupata habari kwa simu, kwa barua pepe, au tupite ofisini?”

“Hayo ni ya meneja. Andikia ofisi, nitakupa imeili.”

“Sawa. Ni vizuri tukimwandikia, au hamtaki kabisa matangazo ya namna hii?”

Swali hilo la mwisho watu huliruka kwa kuogopa jibu. Liulize. Ukipata “andikeni tu”, umepata njia iliyokubaliwa na wenyewe, na unaandika tarehe pamoja na maneno yenyewe. Ukipata “hapana”, unaandika USIPIGIE, na umeokoa safari ya fundi. Andika cheo, “meneja” au “mapokezi”, na usiulize jina la mtu wala namba yake binafsi. Wakikupa wenyewe ni sawa, lakini andika kwamba walikupa.

Simu isiyoingia isome vizuri. Sauti ikisema mteja hapatikani kwa sasa, simu imezimwa au iko nje ya mtandao. Jaribu siku nyingine kwa saa tofauti. Ikisema namba haipo au haitumiki, hiyo imekufa, na unashuka kwenye namba ya akiba. Ikiita tu bila kupokelewa mara kadhaa kwa siku tofauti, mpe fundi akipita huko aone mlango.

Sheria inasimama wapi

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu. Laini ya mapokezi na barua pepe ya ofisi ni mawasiliano ya taasisi. Namba ya mkononi ya afisa wa kliniki ni taarifa yake binafsi hata kama imebandikwa mlangoni. Kwa kliniki ya mtu mmoja hizo mbili ni kitu kimoja, na hapo ichukulie kuwa ya mtu.

Watu wengi hushika nusu ya sheria. Kifungu cha 28 kinaruhusu kukusanya taarifa ambayo tayari iko kwenye kumbukumbu za umma bila kumwendea mwenyewe kwanza. Lakini kifungu cha 37 kinahusu matumizi ya kibiashara, na kinataka ridhaa ya mwenye taarifa au idhini ya sheria. Kuiona hadharani hakukupi ruhusa ya kuitumia kuuzia. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba mtu lazima apewe njia rahisi ya kukataa matangazo ya moja kwa moja. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Kwa duka la fundi mmoja, hata sehemu ndogo ya hiyo inafunga mlango.

Kwa sababu hiyo safu yenye USIPIGIE haifutwi kamwe. Ukiifuta, ukirudi kwenye sajili mwaka ujao kituo kitajitokeza upya kikiwa kisafi, na utawapigia watu waliokuambia hapana. Punguza yaliyomo, baki na msimbo, namba na neno hilo.

Baada ya hapo

Usishangae orodha ikipungua sana. Tukianza na vituo sitini, kuna vitakavyotoka kwa kukosa mashine, vitakavyotoka kwa namba ya wakala, na vitakavyokataa. Zilizobaki YA SHAKA zipange kwa njia, si kwa alfabeti: Kondele, Manyatta na Mamboleo ni mzunguko mmoja wa pikipiki, Milimani, Nyalenda na Nyamasaria ni mwingine. Fundi akienda kukarabati jokofu Manyatta, apewe vituo vitatu vya kupita, apige picha ya bango kutoka barabarani na kuitia tarehe. Picha ya namna hiyo inahesabika kama chanzo.

Anayefanya kazi hii Nakuru atafuata njia hiyohiyo kwa wadi za huko, na ajihadhari zaidi na anwani za Nairobi, kwani vituo vyenye makao makuu huko ni rahisi kuandikiwa simu ya makao makuu badala ya ya tawi.

Leseni nyingi huisha na mwaka, kwa hiyo ukaguzi mkubwa fanya orodha mpya ikishatoka, si Januari mosi wakati nusu ya vituo bado vinasubiri karatasi. Katikati ya mwaka kagua tu safu ambazo tarehe ya chanzo imepita miezi sita na ambazo hazijajibu. Zilizopita miezi sita unazipata kwa mstari mmoja, tarehe ikiwa kwenye safu wima ya J:

```
=IF(TODAY()-J2>180,"KAGUA UPYA","")
```